Ughaibuni mteja harudi kwa undugu, anarudi kwa tarehe

Kule Sinza, Dar es Salaam, tulisukia barazani, na wateja walikuja kwa kupita. Dada anatoka sokoni, anaona kiti kitupu, anakaa. Wasusi wawili tunaingia kwenye kichwa kimoja, mdogo wetu anachambua rasta, na baada ya saa mbili tatu mtu kashaondoka. Akirudi, karibu, akienda kwa jirani, kesho atapita mwingine.

Hapa Leicester, Uingereza, hapiti mtu. Nabeba begi, namfuata mteja nyumbani kwake, niko peke yangu, na rasta za wastani zinanila saa tano au sita. Watu wa nyumbani hudhani Watanzania wenzangu ndio wanaonilisha. Wapi! Hao ndio wanaoomba bei ya shemeji.

Chukua mteja wangu mmoja, muuguzi wa zamu za usiku. Kichwa kizima ananilipa pauni 90. Rasta zake zinakaa wiki nane, ila za mbele na za shingoni huchakaa mapema kwa jasho na kulaliwa. Ikifika wiki ya nne nywele zimeota sentimita moja na ushee, mbele pamefumuka, kisogoni bado pazuri. Kwa hiyo kabla sijafunga begi tunapanga kabisa siku ya kurudia: nafumua safu mbili za kuzunguka kichwa, nasafisha, nasuka upya. Saa moja na nusu, pauni 30. Nikiwa hapo tunapanga na siku ya kufumua zote. Anatanguliza pauni 15, na asipotoa taarifa siku moja kabla hazirudi. Barazani ungemwambia mtu hivyo angekuona una dharau.

Kurudia ni mara moja tu. Ukivusha wiki nane, nywele zilizong'oka zinajikusanya penye shina pamoja na uchafu, zinashikana, na siku ya kufumua unazikata badala ya kuzichana.

Jambo lingine ni kukaza. Nyumbani mteja mwenyewe anakwambia, "Kaza, dada, zikae." Mimi nikiona vipele vidogo kwenye mstari wa nywele za mbele, sisuki, namwambia apumzike kwanza. Kipaji cha uso kikishaanza kupanda, huna tena pa kushikia rasta, na mteja huyo umempoteza kabisa.

Kwa walioko hapa: mapato yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unajisajili. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata kwa kichwa kimoja cha Jumamosi.

Mdogo wangu aliyebaki Sinza nimemwambia aanze kupanga siku ya kurudia. Anasema wateja watadhani anawafukuzia hela. Basi aanze na wavaa hijabu, maana kwao za mbele ndizo zinazosuguliwa kutwa nzima, na wenyewe wanalijua hilo.