Milioni kumi kuwa nane: dalali kamdhulumu mwalimu?

"Serikali haijachelewesha riba yangu hata mara moja. Inakuwaje hatifungani niliyoinunua kwa milioni kumi, leo dalali aniambie itauzwa milioni nane?"

Aliyeuliza ni mwalimu mstaafu wa Masasi, mwaka 2024, alipotaka fedha za kuezeka nyumba. Kijana wake alikwishahukumu: dalali ni mwizi, pengine ana mnunuzi wake pembeni. Jirani yao, mzee wa chama cha msingi cha korosho, alisema kinyume: hiyo ni hasara ya kwenye karatasi tu, mama atulie asubiri, fedha yake itarudi nzima. Mimi namtetea dalali, ingawa najua hana watetezi wengi, na nadhani hata mzee wa korosho alipatia nusu tu.

Tuanze na alichonunua. Hatifungani ni hati ya mkopo: unaikopesha serikali, inakulipa riba, na mwisho inakurudishia fedha yako. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 aliyoipata mwaka 2022 ilikuwa na riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Riba hiyo, wenyewe tunaiita kuponi, hulipwa kila baada ya miezi sita, nayo hupigwa kwenye thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani, si kwenye bei ya sokoni. Kwa milioni kumi, mwalimu hupokea shilingi 628,000 mara mbili kwa mwaka, jumla 1,256,000. Mwaka wa 25 analipwa kuponi ya mwisho pamoja na milioni kumi zake. Kiasi hicho hakipandi wala hakishuki, apande nani au ashuke nani.

Kutobadilika huko ndiko kunakoleta mambo. Kufikia 2024 serikali ilikuwa inauza hatifungani mpya za miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.75. Mwenye milioni kumi mkononi wakati huo aliweza kwenda kwenye mnada wa Benki Kuu akapata 1,575,000 kwa mwaka. Kwa nini ampe mwalimu milioni kumi hizo hizo ili apate 1,256,000? Hatakubali mpaka apunguziwe. Hali ni kama ya mashamba mawili ya mikorosho pale Masasi, moja linatoa magunia kumi na mawili na jingine kumi na tano. La kwanza halijaugua, ila mnunuzi hawezi kuyalipia bei moja. (Mfano wangu una kasoro: mkorosho hupatwa na ubwiriunga, kuponi haipatwi.)

Swali ni apunguziwe kiasi gani, na hapa ndipo kijana alipomwonea dalali. Hatifungani ya mwalimu ilibakiza miaka 23, yaani malipo 46 ya nusu mwaka. Kila malipo yanapungukiwa shilingi 159,500 yakilinganishwa na ya hatifungani mpya. Ukijumlisha hivi hivi utapata zaidi ya milioni saba, lakini shilingi ya mwaka wa 20 si sawa na shilingi ya leo. Kila pungufu lazima lirudishwe kwenye thamani ya leo kwa riba ya wakati huo, nusu ya 15.75, yaani asilimia 7.875 kwa nusu mwaka: la kwanza linagawanywa kwa 1.07875 mara moja, la pili mara mbili, mpaka la 46. Ukiyakusanya yote unapata kama shilingi 1,963,000. Itoe kwenye milioni kumi, inabaki 8,037,000 hivi. Sokoni bei hutajwa kwa kila shilingi mia, kwa hiyo utasikia themanini nukta tatu saba. Dalali alisema nane.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu watu huiona milioni mbili ile kama kitu kilichochukuliwa na mtu. Hakuna aliyeichukua. Ni zile 159,500 za kila miezi sita ambazo mnunuzi atazikosa kwa miaka 23, amelipwa fidia yake mara moja, mbele. Mnunuzi hapati bahati, anafikishwa pale pale ambapo angefika kwa kununua mpya.

Kijana akauliza swali zuri kuliko lawama yake: basi auze, anunue mpya yenye riba kubwa? Tulipiga. Milioni 8.037 kwa asilimia 15.75 zinaleta karibu 1,265,800 kwa mwaka, nyongeza isiyofika elfu kumi. Mwisho wa safari, badala ya kupokea milioni kumi, atapokea milioni nane. Hiyo nyongeza ndogo na hilo pengo kubwa la mbali, ukivileta kwenye thamani ya leo, vinalingana karibu shilingi kwa shilingi. Kisha toa kamisheni ya dalali, na biashara hiyo imekuwa hasara.

Sasa mzee wa korosho. Kweli, asiyeuza atalipwa kila alichoahidiwa, na bei ya hatifungani itapanda polepole kuelekea mia kadiri miaka inavyokwisha. Ingekuwa imebakiza mwaka mmoja tu, kwa riba zile zile, bei ingekuwa kama 97.15, kwa kuwa malipo yanayopungukiwa ni mawili tu. Kwa hiyo anayejua atahitaji fedha karibuni asijifunge miaka 25. Lakini kusema hakuna hasara kabisa si sahihi. Anayesubiri hulipia pengo lile lile kidogo kidogo, kwa kukosa 319,000 kila mwaka ambazo mtu aliyenunua 2024 anazipata. Anayeuza analilipa kwa mkupuo.

Na mbona hakuna aliyelalamika upepo ulipovuma upande mwingine? Walionunua hatifungani ya miaka 25 mwaka 2021 walipata kuponi ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata mpya zikaja na 12.56. Kwa hesabu hii hii, yenye miaka 24 mbele yake ilistahili bei ya karibu 125.5 kwa kila mia. Sikusikia mtu Mtwara nzima akisema amemwibia mnunuzi.

Lawama moja ya kijana naiacha isimame. Bei niliyoipiga ni ya haki endapo wanunuzi wapo. Hatifungani za wadogo hazinunuliwi kila siku, na mwenye haraka anaweza kuletewa bei ya chini ya hesabu. Njia ya kujua ni kumuuliza dalali bei hiyo inampa mnunuzi faida ya asilimia ngapi kwa mwaka mpaka mwisho, kisha kuilinganisha na mnada wa karibuni wa miaka inayokaribiana. Ikiwa mnada umetoa asilimia 15.75 na bei yako inampa mnunuzi 17, hapo uliza dalali mwingine. Angalia pia kama riba iliyokwisha kujikusanya tangu kuponi ya mwisho imehesabiwa. Hiyo ni ya muuzaji, na mnunuzi huilipa juu ya bei.

Mwalimu hakuuza yote. Aliuza ya thamani ya milioni tatu, akapata kama milioni 2.4 kabla ya kamisheni, mabati yakapanda kabla ya mvua za Desemba. Milioni saba zilizobaki zinamletea 439,600 kila miezi sita. Kijana bado hampendi dalali.