Hakuna tundu lililonyooka

"Kama protoni zinapita tu kwenye tundu, hicho kinachozunguka kinazungushwa na nini?"

Ndugu, unauliza kuhusu ATP sintasi, kimeng'enya kilicho kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kinachotengeneza ATP, yaani sarafu ya nishati ya seli. Makala uliyosoma ilisema protoni zinapita kwenye tundu, ikaruka hapo. Tundu lililonyooka halipo. Kuna mifereji miwili isiyokutana: mmoja unafunguka upande wa nje wa utando wa ndani wa mitokondria, ambako protoni zimerundikana, na mwingine upande wa ndani. Kando yake pana gurudumu la protini. Kwa binadamu lina vipande 8, na kila kipande kina asidi ya glutamiki yenye chaji hasi. Chaji na mafuta ya utando haviivi chungu kimoja, kwa hiyo kipande chenye chaji hakiingii humo. Protoni ikija ikaketi pale, chaji inafutika, kipande kinaingia kwenye mafuta na gurudumu linasogea hatua moja. Protoni yenyewe inapandishwa kama abiria, inazungushwa karibu duara zima, ndipo inashukia mfereji wa pili.

Gurudumu limeshikana na mhimili uliopinda kidogo. Ukizunguka duara moja unasukuma vyumba vitatu vya kutengenezea ATP, kila kimoja kinatoa moja. Hesabu basi: protoni 8 kwa ATP 3, yaani chini kidogo ya 2.7 kwa kila moja.

Na si nadharia tu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika uzi wa protini uitwao aktini kwenye mhimili wa kimeng'enya kama hiki cha bakteria, wakauona kwa hadubini ukizunguka. Ila wao waliuendesha kinyumenyume, kwa kuulisha ATP.