Gama ipimwe kwa chenga au kwa macho?

"Kaka, nimepiga picha ya boti ikipita pale mwalo wa Kirumba, namba ya ubavuni ikavutika. Nikiweka gama ndogo picha inajaa chenga na michirizi, nikiweka kubwa namba inageuka ukungu. Kuna kipimo sahihi, au kila mtu anategemea macho yake?"

Gama ni namba inayoamua picha iliyovutika ilainishwe kiasi gani inaporejeshwa, na swali ni kama tuichague kwa kupima kiasi cha chenga au kwa kutazama tu. Kipimo kipo, na si kipya. B. R. Hunt alikieleza mwaka 1973 alipoonyesha namna ya kurejesha picha kwa kompyuta kwa njia ya miraba midogo kabisa yenye sharti. Ila kina tabia ya kuegemea upande mmoja: hulainisha kupita kinachohitajika. Macho nayo yana udhaifu wao, tena mbaya zaidi pale mtu anapotafuta namba anayoidhani tayari. Kwa hiyo mimi nakichukua kipimo hicho kama kikomo cha juu cha gama, kisha nayaruhusu macho yafanye kazi chini ya kikomo hicho tu.

Tuanze na kinachotokea kwenye boti yako. Tuseme kipande ulichokata ubavuni kina pikseli 512 kwa 512, na boti ilisogea pikseli 9 kwa mlalo wakati kamera imefungua jicho. Kila pikseli unayoiona ni wastani wa pikseli 9 zilizopangana, ukaongezwa chenga za kamera. Njia yenye sharti inasema hivi: kati ya picha zote ambazo ukizivuta tena zitatofautiana na picha yako kwa kiasi cha chenga tu, chagua iliyo laini kuliko zote. Ulaini unapimwa kwa Laplasi: chukua pikseli, izidishe kwa 4, kisha toa majirani zake wanne, wa juu, chini, kushoto na kulia. Mahali penye rangi tulivu jibu ni sifuri, na mahali panaporukaruka jibu ni kubwa. Gama ndiyo inayoamua kurukaruka huko kutozwe kiasi gani.

```python
import numpy as np
h = np.ones((1, 9))/9
G = np.fft.fft2(g)
H = np.fft.fft2(h, s=g.shape)
P = np.fft.fft2([[0,-1,0],[-1,4,-1],[0,-1,0]], s=g.shape)
F = np.conj(H)*G / (abs(H)**2 + gamma*abs(P)**2)
r2 = np.sum(abs(G - H*F)**2) / g.size
```

Hapa `g` ni kipande chako, `h` ni mvuto wa pikseli 9, na `H` inaonyesha kila marudio yamebaki na kiasi gani baada ya mvuto. Mstari wa F ndio njia yenyewe, na picha iliyorejeshwa ni `np.fft.ifft2(F).real`. Gama ikiwa sifuri unabaki na kugawanya kwa H moja kwa moja, na hapo ndipo michirizi inapozaliwa. Mistari ya wima inayojirudia kila pikseli 9 hufutika kabisa mvuto ukiwa wa pikseli 9, kwa sababu kila wastani unameza mzunguko mzima. Hapo H ni sifuri. Pembeni kidogo ya hapo, penye marudio 0.11 kwa pikseli, H ni kama 0.0103, kwa hiyo kugawanya kunakuza kila kilichopo mara 97 hivi. Namba halisi imebaki kidogo sana mahali hapo, lakini chenga zipo kama kawaida, na ndizo zinazokuzwa. Ukiona michirizi ya wima iliyoachana takribani pikseli 9, si mbao za boti hizo. Gama yako ni ndogo mno.

Sasa kazi ya Laplasi, ambayo wengi wanaipita haraka. Chukua mistari ya aina mbili: inayojirudia kila pikseli 10, kama tarakimu yenye unene wa pikseli 5 na nafasi ya 5, na inayojirudia kila pikseli 2.5, ambayo kwenye ubavu uliopakwa rangi mara nyingi ni chenga tupu. Kwa mvuto wa pikseli 9, zote mbili zimepunguzwa sawasawa kabisa: ukubwa wa H ni 1/9 kote kuwili. Ukigawanya moja kwa moja, zote zinakuzwa mara 9. Ukiweka badala ya Laplasi namba moja isiyobadilika, zitakuzwa sawa pia, kwa hiyo utapata tarakimu pamoja na chenga au utakosa vyote. Laplasi inazitenganisha. Mraba wake ni 0.146 kwa mistari mipana na 13.09 kwa myembamba. Kwa gama ya 0.01, mistari ya tarakimu inakuzwa mara 8.05, na ile myembamba mara 0.78 tu. Ukipandisha gama hadi 0.1, tarakimu inabaki na 4.12. Ukifika 1, inashuka hadi 0.70, chini hata ya ilivyokuwa kwenye picha iliyovutika ukiwa hujafanya lolote. Huo ndio ukungu unaouona. Mwanga wa jumla wa picha hauguswi, maana Laplasi ya rangi tulivu ni sifuri.

Hoja ya wanaotaka gama ipimwe kwa chenga ni nzito. Masalia, yaani tofauti ya picha yako na picha iliyorejeshwa kisha ikavutwa upya, huongezeka kila gama inapoongezeka, hayarudi nyuma. Kwa hiyo kuna gama moja tu inayofanya jumla ya miraba ya masalia, ile `r2`, ilingane na jumla ya miraba ya chenga. Chenga zenye mchepuko wa 5, yaani kiasi ambacho pikseli hupotoka kwa kawaida, katika pikseli 512 kwa 512 zinatoa 262,144 mara 25, yaani 6,553,600. Unapandisha na kushusha gama mpaka ufike hapo. Watu wawili wakipewa picha moja na mchepuko mmoja watafika kwenye jibu lilelile, mmoja awe Nyamagana na mwingine Bukoba. Jicho haliwezi kutoa ahadi hiyo.

Lakini angalia ile 5 imetoka wapi. Hapa ndipo kazi nyingi za ziwani zinapoharibikia. Mtu anatafuta sehemu tulivu ya kupimia chenga, anachukua kipande cha maji. Maji ya ziwa yana viwimbi hata siku ya upepo mdogo, na viwimbi vinahesabiwa kama chenga. Ukipata 8 badala ya 5, lengo linapanda hadi 16,777,216, zaidi ya mara mbili na nusu, na gama inapanda pamoja nalo. Upande wa pili, picha iliyopitia WhatsApp imebanwa, na ubanaji hufuta chenga kwenye maeneo tulivu huku ukiacha uchafu pembezoni mwa herufi. Hapo mchepuko unaoupima ni mdogo kuliko uhalisia, na gama inatoka ndogo. Pima kwenye ubao uliopakwa rangi moja ndani ya kipande chenyewe, na utumie faili la kamera ambalo halijatumwa popote.

Hata mchepuko ukiwa sahihi, kipimo bado kinaegemea kwenye ulaini. Sababu yake haina fumbo. Picha halisi, kama tungeijua, ingeacha masalia sawa na chenga zote. Picha tunayoikadiria si hiyo. Imetengenezwa kutokana na data yenye chenga, kwa hiyo imekwisha kumeza sehemu ya chenga hizo. Masalia yake yanapaswa kuwa madogo kuliko chenga zote. Tukiyalazimisha yafikie kiasi kamili, pengo linajazwa na kitu kingine, na kitu hicho ni kingo za tarakimu. Unaweza kulishuhudia hili: yaonyeshe masalia kama picha. Ukiona umbo la namba ndani yake, gama imekula namba yako.

Ndiyo maana wanaotazama kwa macho hawakosei wanapopunguza gama kuliko hesabu inavyosema. Msomaji wa namba huvumilia chenga kuliko ukungu. Shida yao ni nyingine. Gama ikishuka mno, kingo za tarakimu huzaa mwangwi pembeni yake, na mwangwi huo unaweza kuziba uwazi wa 3 mpaka ikasomeka 8. Kama namba hiyo inahusu boti iliyogonga nyavu za mtu, au boti ambayo haikurudi mwaloni, hilo si kosa dogo. Namba ya boti ya mtu mwingine kabisa inaweza kuandikwa kwenye taarifa. Nafanya hivi: naanza na gama iliyotolewa na chenga, nashuka hatua kwa hatua hadi sehemu yake ya kumi, na kila hatua naandika tarakimu ninazosoma. Tarakimu inayobaki ileile njia nzima naikubali. Inayobadilika katikati naiandika kuwa haisomeki, hata kama kwenye hatua moja ilionekana safi sana.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili huwa hazilizungumzii, na kwenye boti lina uzito. Mvuto wa boti yako ni wa mlalo tu. Vijiti vya mlalo vya herufi kama E na F vimebaki na kingo zao za juu na chini zikiwa nzima. Kwa maelezo hayo ya wima, yaani yanayobadilika kutoka juu kwenda chini, H ni 1. Laplasi ya kawaida haijui hilo, inatoza pande zote sawa. Maelezo ya wima yenye marudio 0.4 yanabaki na 0.88 ya nguvu yake kwa gama ya 0.01, na 0.43 tu kwa gama ya 0.1. Yaani unaharibu kilichokuwa hakijaharibika. Hapa mimi naiacha Laplasi kamili na kutumia nusu yake, `[[-1, 2, -1]]` kwa mlalo peke yake. Maelezo ya wima tupu yanapita bila kuguswa, na mistari myembamba inayojirudia kwa mlalo inadhibitiwa vilevile. Kama boti ilikuwa inayumba kwa mawimbi, ubavu ukapanda na kushuka jicho la kamera likiwa wazi, rudi kwenye Laplasi kamili.

Kuhusu mistari ya kila pikseli 9 yenyewe, pale H ilipo sifuri kabisa, hakuna gama itakayoirudisha. Fomula inatoa sifuri hapo kwa gama yoyote iliyo juu ya sifuri, na hiyo ni haki. Kinachosaidia ni picha ya pili ya boti hiyohiyo. Ikiwa imevutika pikseli 7, mahali hapo H yake ni 0.27, na sifuri zake hazikutani na za mvuto wa 9 popote. Zipange picha mbili zikae sawasawa, jumlisha `np.conj(H)*G` za zote juu, jumlisha `abs(H)**2` za zote chini, na Laplasi ibaki moja. Kama ulipiga picha mfululizo boti ikiongeza mwendo kutoka Kirumba, angalia kwenye simu kabla ya kufuta.