Thimlich Ohinga na Parthenoni mbele ya swali moja la mtihani

"Mwalimu, ukipunguza Ugiriki na Roma ili tusome maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, tutawezaje kuisoma hata Ikulu ya Nairobi?" Aliniuliza hivyo mwanafunzi wa mwaka wa pili katika somo langu la historia ya usanifu majengo hapa Kisumu.

Ana hoja. Ikulu ilichorwa na Herbert Baker, Mwingereza, na nguzo zake na mpangilio wake wa kulingana kushoto na kulia vina asili yake Italia na Roma. Mkoloni alijenga kwa lugha hiyo ili utawala wake uonekane wa kale na wa haki. Asiyeijua lugha hiyo hawezi kuihakiki, atapita tu mbele ya nguzo aseme ni nzuri.

Lakini tazama silabasi tuliyorithi ilikotoka. Kwa miongo mingi wasanifu majengo wa dola ya Uingereza walilelewa na kitabu cha Banister Fletcher, kilichotoka mara ya kwanza 1896. Toleo la 1901 liliigawa dunia mafungu mawili. Ulaya, pamoja na Misri na Ashuru kama mababu zake, ilipewa mitindo "ya kihistoria". India, China, Japani na majengo ya Kiislamu yakaitwa "yasiyo ya kihistoria". Baadaye kikaongezwa mchoro wa mti wenye shina la Ugiriki na Roma. Afrika kusini mwa Sahara haikupewa hata kitawi.

Dawa inayopendwa siku hizi ni kuongeza wiki moja ya Afrika katika muhula. Thimlich huingia kwa urahisi: iko Migori, ni mwendo wa siku moja kwenda na kurudi, na tangu 2018 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuta zake za mawe makavu, bila saruji wala udongo, zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita moja hivi. Fundi alipanga uso wa nje na uso wa ndani, kisha akajaza katikati mawe madogo ya kuzishika nyuso hizo mbili zisiachane. Milango ni mifupi, imebebwa na mawe marefu ya juu, na anayeingia lazima ainame.

Basi mtihani ukija, swali ni lile lile la zamani: taja mwaka, msanifu na mtindo. Parthenoni, hekalu la kale la Athene, inajibu vizuri: 447 hadi 432 kabla ya Kristo, Iktino na Kalikrate, mtindo wa Kidoriki. Thimlich haina jina la msanifu. Ujenzi wake unakadiriwa kuwa wa karne ya 16, waliokaa humo walikuwa wa jamii zaidi ya moja, na kila kizazi kilirekebisha. Mwanafunzi anaondoka akiamini ukuta wa kwao ni jibu lenye mapengo. Hapo ndipo ninapopima kama silabasi imebadilika kweli, kwenye karatasi ya mtihani kuliko kwenye orodha ya mada.

Mimi naliondoa swali hilo na kuyauliza majengo yote mawili hivi: mali ilitoka wapi, nani aliruhusiwa kuingia, na nani analitunza? Thimlich inaanza kusema. Mawe yamelala papo hapo juu ya kilima, mlango mfupi unamlazimisha mgeni kuinama mbele ya mlinzi, na ukuta unadumu kwa sababu kuna mtu anayerudisha jiwe lililoanguka. Na Parthenoni nayo inafunguka. Athene ilihamisha hazina ya muungano wa miji washirika kutoka Delos mwaka 454 kabla ya Kristo, ikaitumia pia katika majengo yake. Jengo hilo limewahi kuwa kanisa na msikiti, likalipuliwa 1687 katika vita vya Venisi, kisha sehemu ya sanamu zake zikapelekwa London. Wanafunzi hawajawahi kuisikiliza Ugiriki kwa makini kama siku hiyo.

Wenzangu wanaopinga wana neno moja ambalo silitupi: michoro iliyopimwa ya Parthenoni imejaa maktabani, ya Thimlich ni michache. Tena mimi naongeza lawama yangu: tumeichagua Thimlich kwa kuwa ni mawe na imedumu, kipimo kile kile cha Fletcher. Nyumba ya udongo na nyasi katika boma la Mjaluo haidumu hivyo. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, huelekea lango kuu, na mvulana akikua hujenga simba, nyumba yake ya ujana, karibu na lango. Udongo unabomoka, mpangilio unabaki. Historia yake imo katika kanuni hiyo, na tarehe ya ukuta haikuambii lolote.

Kwa hiyo muhula huu nimekata wiki mbili za makanisa ya Gothiki. Wiki moja wanapima boma analokaa bibi mmoja karibu na Ahero, kwa futi kamba na ruhusa yake, na kila nyumba wanaandika ya nani na ilijengwa upya lini. Wiki ya pili ni ya Ikulu ya Baker, kwa maswali yale yale.