Kutembea mti wa wafanyakazi kwa `WITH RECURSIVE`, au kuhifadhi njia nzima?

*“Jedwali letu la wafanyakazi lina safu ya mkuu_id tu. Tukitaka wote walio chini ya meneja fulani tunatumia WITH RECURSIVE. Mwenzetu anasema tuhifadhi njia nzima ya kila mfanyakazi tuachane na kujirudia. Nani yuko sahihi?”*

Kila mmoja ana hoja yenye uzito, na tofauti yao inaonekana vizuri zaidi tukichukua jedwali dogo na kulifuata rekodi kwa rekodi. Tuseme taasisi ina watu 8. Namba 1 ni Mkurugenzi Mkuu, ambaye hana mkuu. Chini yake wapo Meneja wa Fedha, namba 2, na Meneja wa Uendeshaji, namba 3. Mhasibu Mkuu, namba 4, yuko chini ya 2. Mhasibu wa mishahara, namba 5, na mhasibu wa wadai, namba 6, wako chini ya 4. Karani wa mishahara, namba 7, yuko chini ya 5, na msimamizi wa ghala, namba 8, yuko chini ya 3. Kila rekodi inamjua mkuu wake wa moja kwa moja tu. Ulizo la kuwapata wote walio chini ya Meneja wa Fedha ni hili:

```sql
WITH RECURSIVE chini AS (
  SELECT id, cheo, mkuu_id, 0 AS ngazi
  FROM wafanyakazi WHERE id = 2
  UNION ALL
  SELECT w.id, w.cheo, w.mkuu_id, c.ngazi + 1
  FROM wafanyakazi w
  JOIN chini c ON w.mkuu_id = c.id
)
SELECT * FROM chini;
```

Hifadhidata haijiiti yenyewe kama jina la ulizo linavyodokeza, bali inazunguka ngazi kwa ngazi. Sehemu ya juu inatoa rekodi ya kuanzia, yaani namba 2, na kuiweka katika jedwali la muda. Sehemu ya chini inatafuta wenye mkuu aliyemo katika jedwali hilo la muda, inampata 4, kisha 4 anachukua nafasi ya 2 kama mahali pa kuanzia mzunguko unaofuata. Mzunguko wa pili unawaleta 5 na 6, wa tatu unamleta 7, wa nne hauleti mtu, na hapo kazi inakoma. Jambo la kushika ni kwamba kila mzunguko unawaona wale wa mzunguko uliotangulia tu, wala si wote waliokwisha kukusanywa.

Upande wa ulizo hili una nguvu moja kubwa, nayo ni kwamba ukweli umeandikwa mahali pamoja. Uongozi ukiamua kumhamisha Mhasibu Mkuu pamoja na watu wake kwenda Uendeshaji, unabadilisha namba moja katika rekodi moja, na wote watatu walio chini yake wanahama naye bila rekodi zao kuguswa. Kwa njia iliyohifadhiwa, mfano `1/2/4/5/` kwa mhasibu wa mishahara, uhamisho huohuo unadai rekodi nne ziandikwe upya, na programu ikikatika katikati bila muamala kuzifunga pamoja, utabaki na karani ambaye njia yake inasema yuko Fedha ilhali bosi wake yuko Uendeshaji. Kwa watu wanne hilo si tatizo. Kwa mti wa aina za bidhaa ambapo tawi la juu lina matawi madogo maelfu, ni maandishi mengi yanayofunga rekodi nyingi kwa wakati mmoja.

Hoja ya mwenzenu inapata nguvu kwenye usomaji. Ukiwa na njia, kuwapata walio chini ya Mhasibu Mkuu ni kutafuta njia zinazoanza na `1/2/4/`, na indeksi inazipata kwa mpigo mmoja bila mizunguko. Mkwaju wa mwisho usisahauliwe, kwa sababu bila huo `1/2/4` itawachukua pia walio chini ya namba 42. Katika PostgreSQL, ikiwa hifadhidata haitumii mpangilio wa herufi wa `C`, indeksi ya kawaida haitasaidia utafutaji wa `LIKE` wa namna hii mpaka uitengeneze kwa `text_pattern_ops`. Nimeona watu wakihamia kwenye njia kwa ajili ya kasi, halafu wakaishia kusoma jedwali zima kwa sababu hiyo moja.

Hata hivyo, malalamiko mengi ya ucheleweshaji ninayoletewa kuhusu ulizo la kujirudia hayatokani na kujirudia kwenyewe. Yanatokana na indeksi iliyokosekana. PostgreSQL haitengenezi indeksi juu ya safu ya ufunguo wa kigeni, ilhali InnoDB ya MySQL inatengeneza. Mtu aliyezoea MySQL akihamia PostgreSQL anaandika ufunguo wa kigeni kwenye `mkuu_id` na kudhani amemaliza. Ukiendesha `EXPLAIN ANALYZE` na chini ya `Recursive Union` ukaona `Seq Scan` ya jedwali la wafanyakazi ikiwa na `loops` sawa na idadi ya ngazi, maana yake jedwali zima linasomwa upya kila mzunguko. Mstari mmoja wa `CREATE INDEX ON wafanyakazi (mkuu_id)` unaondoa hilo kwenye jedwali kubwa.

Sababu ya pili ya ucheleweshaji ni mahali pa kuweka sharti. Wengi hutengeneza mwonekano unaotembea mti wote kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu, kisha wanauchuja kwa `WHERE` upande wa nje. PostgreSQL haiusukumi mchujo huo ndani ya sehemu inayojirudia. Inatembea mti mzima kwanza, ndipo inatupa isichohitaji. Sharti la kuanzia liwe ndani, kwenye sehemu ya juu kabla ya `UNION ALL`, kama nilivyoandika. Tena tutofautishe kupanda na kushuka. Kumtafuta mkuu wa mkuu hadi juu kunagharimu hatua chache tu, sawa na kina cha mti, na kila hatua inatumia ufunguo mkuu ambao tayari una indeksi. Kushuka kunagharimu kadiri ya ukubwa wa tawi. Mwenye ukurasa wa duka unaoonyesha tu bidhaa iko chini ya tawi gani hana sababu ya kuogopa kupanda hatua tano.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko kasi. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na mti wa namna hii. Meneja wa Fedha alikwenda likizo, mhasibu wa mishahara akapewa kukaimu, na karani wa rasilimali watu akaingia kwenye mfumo na kubadilisha mkuu wa rekodi namba 2 kuwa namba 5. Kwake ilikuwa na mantiki, kwa maana kazi za meneja sasa zilipitia kwa kaimu. Kwenye jedwali ilikuwa duara: 2 yuko chini ya 5, naye 5 yuko chini ya 4, naye 4 yuko chini ya 2.

Ulizo la hapo juu likianzia kwa 2 halikomi tena. Mzunguko wa tatu unamleta 7 na 2 mwenyewe, wa nne unamleta 4, na mchezo unaanza upya. MySQL itakata kwa kosa baada ya mizunguko 1000 na SQL Server baada ya 100, kama hujabadilisha mipangilio. PostgreSQL haina kikomo cha namna hiyo, itaendelea mpaka `statement_timeout` iikate, kama imewekwa, au diski ijae. Wengi hushauriwa kubadilisha `UNION ALL` iwe `UNION`, ambayo hutupa rekodi zilizojirudia. Ushauri huo ni sahihi kwa nusu. Rekodi ya 2 inaporudi mara ya pili, safu ya `ngazi` inasoma 3 badala ya 0, kwa hiyo kwa macho ya hifadhidata si rekodi ileile, na duara linaendelea. `UNION` inasaidia tu ukiiondoa `ngazi`. Kuanzia PostgreSQL 14, iliyotoka 2021, unaweza kubaki nayo ukiandika, baada ya mabano ya kufunga ulizo, mstari huu:

```sql
CYCLE id SET duara USING njia
```

Rekodi inayofunga duara inatokea mara moja ikiwa na alama ya kweli kwenye safu ya `duara`, kisha haifuatwi tena. Hivyo unajua pia mkosaji ni nani.

Lakini ulizo lisilokoma ndilo kosa jema, kwa kuwa linapiga kelele. Kosa baya lilitokea kwenye ripoti iliyoanzia kwa namba 1. Kwa kuwa 2 hakuwa tena chini ya 1, ulizo lilimpata 1, likampata 3, likampata 8, likakoma kwa amani. Hakuna kosa lililotolewa. Idara nzima ya Fedha, watu watano, ilitoweka kwenye ripoti ya idadi ya watumishi, na ilichukua siku kadhaa mtu kuuliza mbona jumla ni tatu. Tangu hapo silikubali jedwali la namna hii bila kipimo kinachoendeshwa kila usiku: hesabu ya rekodi zote ilinganishwe na hesabu ya waliofikiwa kutoka juu, na tofauti yoyote itumwe kwa mhusika asubuhi.

Je, njia iliyohifadhiwa ingezuia hili? Kwa sehemu, ndiyo. Kabla ya kumhamisha 2 kwenda chini ya 5, unatazama kama njia ya 5 inaanza na njia ya 2, na kwa kuwa `1/2/4/5/` inaanza na `1/2/`, unakataa. Kwa `mkuu_id` peke yake, `CHECK` ya kawaida inaweza kuzuia mtu kuwa mkuu wake mwenyewe tu. Duara refu linahitaji triga inayopanda kutoka kwa mkuu mpya hadi juu kabla ya kuhifadhi. Wala triga haitoshi watumishi wawili wakihifadhi kwa wakati mmoja, mmoja akiweka 4 chini ya 8 na mwingine akiweka 3, aliye mkuu wa 8, chini ya 4. Kila muamala unaona mti wa zamani na kila mmoja ni halali, ila kwa pamoja wanafunga duara. Njia nayo ina udhaifu uohuo. Tiba kwa pande zote mbili ni kufuli moja inayoruhusu uhamisho mmoja tu kwa wakati, na kwa kuwa vyeo havihamishwi kila dakika, hakuna atakayesubiri.

Kwa muundo wa wafanyakazi, basi, nasimama na `mkuu_id` na ulizo la kujirudia, lenye indeksi, `CYCLE` na kipimo cha usiku. Kwa mti wa bidhaa unaosomwa kila mtu anapofungua ukurasa na kubadilishwa mara chache kwa mwezi, mwenzenu ana haki, mradi njia izalishwe kutoka `mkuu_id` na triga, wala isiandikwe kwa mkono kamwe. Na katika ofisi ile, marekebisho ya kwanza hayakugusa ulizo kabisa. Tulitengeneza jedwali tofauti la ukaimu lenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, ili karani awe na mahali halali pa kuandika kwamba namba 5 anakaimu nafasi ya namba 2, na `mkuu_id` ibaki kama ilivyo.