Mimi Ninasafirisha Hewa

Watu wa mtaani kwangu Tabata wanadhani ninauza vikapu Ulaya. Laiti ingekuwa hivyo. Vikapu ni kisingizio tu. Bidhaa ninayoisafirisha hasa ni hewa, tena hewa ya Dar es Salaam yenye joto na vumbi lake, na nauli yake inalipwa kwa kilo.

Niligundua jambo hilo siku nilipopeleka oda yangu ya kwanza kwa wakala wa usafirishaji. Mama mmoja wa Ujerumani alikuwa ameagiza vikapu vitatu vya Iringa, vile vya milulu vinavyosimama wima kama askari wa gwaride, vyote vya ukubwa mmoja. Nikavipanga kimoja juu ya kingine ndani ya boksi lenye upana wa sentimita 40 kila upande na kimo cha sentimita 90, nikalibeba begani bila hata kutoa jasho, kwa kuwa mzigo wote ulikuwa na kilo tatu na nusu.

Binti wa kaunta hakuutazama mzani mara mbili. Alitoa futi, akapima, akabonyeza kikokotoo, kisha akasema kwa upole wa daktari anayetoa majibu mabaya, "Kaka, mzigo wako ni kilo 29."

Nilimwomba apime tena. Akanieleza kwamba ndege hujaa kabla haijalemewa, na kwa sababu hiyo urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita huzidishwa, jibu hugawanywa kwa 5,000, na mteja hulipia kilo zinazopatikana endapo zinazidi zile za mzani. Langu lilitoa 28.8, ikapandishwa hadi 29. Nikalibeba boksi langu kurudi nyumbani, na ninaapa kwamba safari hiyo lilikuwa zito kweli.

Usiku huo nilimwandikia mteja barua ndefu ya kumbembeleza achukue kikapu kikubwa, cha kati na kidogo, kwa sababu vikapu vya ukubwa tofauti huingiana na vya ukubwa mmoja hugomeana. Akakubali. Nikampigia simu mama anayenisukia kule Iringa, naye akauliza, "Mwanangu, huyo mzungu wako ana kichaa au wewe ndiye unacho?" Hata hivyo alisuka. Vilipoingiana, boksi lilishuka hadi kimo cha sentimita 32, yaani kilo 10.24, ambazo kwa utaratibu wao wa kupandisha hadi nusu kilo inayofuata ni kumi na nusu. Mzani ulisema kilo tatu kasoro.

Hapo tamaa ikanipanda. Ikiwa nimelipia kilo kumi na nusu na nimetumia tatu, saba zilizobaki ni mali yangu! Nikamshawishi mteja wangu aongeze vitambaa vya meza vya kitenge, nikavishindilia ndani ya kikapu kidogo mpaka boksi likafunga kwa shida, nikalizungushia selotepu kama mgonjwa aliyevunjika mbavu. Sikujua kwamba boksi hupimwa pale lilipovimba. Kule mbele lilipimwa upya, likakutwa na sentimita 43 kwa 43 kwa 34, nami nikaletewa deni la kilo 13. Vitambaa vilikuwa vimeota kitambi.

Ikafuata forodha. Mteja alikuwa ameniomba niandike kwenye ankara kwamba mzigo ni zawadi. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba msamaha wa zawadi Ulaya ni wa mtu binafsi kwa mtu binafsi, usiozidi yuro 45, na bila malipo yoyote, ilhali yeye alikwisha kunilipa yuro 90 za bidhaa na 110 za nauli. Niliandika ukweli wote: vikapu vitatu vya majani yaliyosukwa, vitambaa sita vya pamba, bei ya kila kimoja. Sikuandika "kazi za mikono", maana ofisa wa forodha akikutana na maneno hayo hulifungua boksi ili ajue ni mikono ipi.

Mama yule alipoletewa bili ya kodi alinijia juu, kwamba asilimia 19 ya yuro 90 haiwezi kufika yuro 38. Ni kweli haiwezi. Kodi ya ongezeko la thamani kwa mzigo unaoingia hukokotolewa kwenye bidhaa pamoja na nauli, yaani kwenye yuro 200. Kwa lugha nyingine, serikali ya Ujerumani nayo imetoza kodi hewa yangu, na msafirishaji akaongeza ada yake ya kuilipa kodi hiyo kwa niaba ya mteja.

Tulipatana. Vikapu amevipenda mno, na juzi ameandika tena. Safari hii anataka kivuli cha taa cha ukindu, kipana sentimita 65, kirefu 55. "Hakina uzito kabisa," ameandika kwa furaha, "kwa hiyo nauli itakuwa ndogo."

Nimeongeza nafasi ya boksi, nikazidisha 70 kwa 70 kwa 60, nikagawanya. Imetoka 58.8. Mimi mwenyewe nina kilo 61.