Majibu 726 si sauti ya chuo

Kuna sentensi inayojirudia katika ripoti za madodoso ya vyuoni, na kila ninapoikuta hasira hunipanda: “Dodoso lilijazwa na wanafunzi wengi, hivyo matokeo yanawakilisha maoni ya wanafunzi wote.” Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo haizai sehemu ya pili. Kabla ya kuuliza wamejibu wangapi, inabidi kujua nani alikuwa na nafasi ya kujibu, na kilichomsukuma aliyejibu ni nini. Ripoti nyingi haziligusi hilo hata kwa mstari mmoja, halafu uongozi unapanga bajeti juu yake.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Takwimu zake nimezipanga mwenyewe ili ukweli tuujue mapema, jambo ambalo mtafiti halisi huwa hana.

Chuo kina wanafunzi 12,000, wakiwemo 9,600 wa mchana na 2,400 wa jioni. Serikali ya wanafunzi inataka kujua kama maktaba ifunguliwe hadi saa sita usiku. Ukweli ni kwamba kati ya wale wa mchana wanaotaka ni 2,160, na kati ya wale wa jioni ni 1,440. Jumla ni 3,600, yaani asilimia 30 ya chuo kizima. Dodoso linaandaliwa mtandaoni, kiungo kinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa, wiki mbili zinapita, kisha wanahesabu: wamejibu 726, na 540 kati yao wamesema ndiyo. Ripoti inatoka na kichwa kwamba asilimia 74 ya wanafunzi wanataka maktaba ya usiku.

Asilimia 30 imegeuka 74, na hakuna aliyedanganya. Wote 726 wamejibu kwa moyo safi.

Kosa la kwanza lilifanyika kabla hata kiungo hakijarushwa. Makundi yale yaliundwa na viongozi wa madarasa ya mchana, kwa hiyo wanafunzi wa jioni hawamo. Hawakukataa kujibu, hawakuulizwa. Huu ndio upungufu wa orodha: orodha uliyotumia kuwafikia watu ni ndogo kuliko kundi unalotaka kulisemea. Ukubwa wa madhara yake unategemea mambo mawili tu, sehemu ya watu walioachwa nje, na tofauti kati yao na waliomo. Hapa walioachwa ni asilimia 20, na asilimia 60 yao wanataka maktaba ya usiku, wakati kwa wale wa mchana ni asilimia 22.5. Zidisha 0.2 kwa tofauti ya 37.5, unapata 7.5. Kwa hiyo hata kama kila mwanafunzi aliyemo kwenye makundi angejibu, bila kubaki hata mmoja, jibu lingekuwa 22.5 badala ya 30. Na watu wenyewe walioachwa ndio wanaotoka kazini jioni, wanaingia darasani, na wakitoka wanakuta maktaba imefungwa. Swali lilikuwa lao kuliko la mtu mwingine yeyote. Hilo linanikera kuliko hesabu yenyewe.

Kosa la pili ndilo kubwa, na ndilo linalotetewa sana. Kiungo kikitupwa kwenye kundi, kila mtu anaamua mwenyewe kama atajibu. Anayetamani maktaba ya usiku anafungua, anajaza, anamhimiza na mwenzake. Asiyejali anapita kama anavyopita matangazo mengine. Tuseme mmoja kati ya wanne wenye hamu alijibu, na kwa wale wengine asilimia 2.5 tu. Robo ya 2,160 ni 540, na asilimia 2.5 ya 7,440 ni 186. Jumla ni 726 na asilimia 74 ile ile ya kwenye ripoti. Dodoso limepima ukali wa hamu ya watu, si idadi ya wenye hamu.

Sasa sikiliza utetezi: “Basi tuongeze muda, majibu yawe mengi zaidi.” Kiungo kinarushwa tena, makundi yote mawili yanaongeza bidii mara mbili, wenye hamu wanakuwa 1,080 na wengine 372. Majibu 1,452. Gawanya: bado ni asilimia 74. Kosa halijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni kile kipimo cha makosa ya sampuli ambacho ripoti hupenda kukiweka chini ya jedwali. Kwa majibu 726 kanuni inatoa kama 3.2 juu au chini, na kwa 1,452 inatoa 2.2. Mwandishi wa ripoti anaona usahihi umeongezeka, wakati yuko zaidi ya pointi 40 mbali na ukweli. Kanuni ile imejengwa juu ya sharti kwamba kila mtu alichaguliwa kwa bahati nasibu. Hapa hakuna aliyechaguliwa. Kuiandika chini ya dodoso la namna hii ni kumpotosha msomaji, na naomba waalimu wanaosimamia miradi ya utafiti waikate kwa kalamu nyekundu kila wanapoikuta.

Somo hili ni la zamani. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest nchini Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, majina yakitoka kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa takriban asilimia 61 ya kura. Wengi husimulia habari hii kama kosa la orodha peke yake, eti maskini hawakuwa na simu. Ni kweli, lakini wanasahau kwamba zaidi ya robo tatu ya waliotumiwa hawakurudisha kitu, na waliorudisha hawakufanana na walionyamaza. Makosa yote mawili yalikuwemo, na majibu milioni 2 hayakuliokoa jarida.

Wapo wanaosimama na karatasi mlangoni mwa maktaba wakidhani wamekwepa tatizo la mtandao. Wanamuuliza mtu aliyekwisha kuja maktaba kama anaipenda maktaba. Nisiendelee.

Kuna dawa nyingine inayosifiwa, ile ya kuyapa majibu uzito. Ukiona wanawake ni wachache kwenye majibu kuliko walivyo chuoni, kila jibu la mwanamke unalihesabu zaidi ya moja. Nakubali, inasaidia kidogo pale tofauti inapotokana na jinsia au mwaka wa masomo. Kwenye mfano wetu haifui dafu. Ndani ya kila jinsia na kila mwaka, wenye hamu ndio waliojibu, kwa hiyo unayapa uzito majibu yaliyokwisha kuegemea upande mmoja. Na kwa wanafunzi wa jioni huna hata jibu moja la kulipa uzito. Sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri.

Utajuaje kwamba dodoso lako limepinda, ikiwa ukweli huujui? Weka swali moja ambalo jibu lake lipo kwa msajili. Uliza, kwa mfano, kama mhojiwa anaishi bweni. Msajili akisema wanaokaa bweni ni asilimia 25 na dodoso likasema 55, umeshaona. Lakini zikilingana usishangilie, maana dodoso linaweza kulingana na chuo kwenye bweni na likapotoka kwenye hamu ya maktaba.

Kipimo kikali zaidi ni kuwahesabu walionyamaza. Kwenye dodoso letu tunajua kwa hakika watu 540 tu waliosema ndiyo na 186 waliosema hapana. Waliobaki ni 11,274. Wakiwa wote wanasema hapana, jibu la chuo ni asilimia 4.5. Wakiwa wote wanasema ndiyo, ni zaidi ya 98. Hayo ndiyo yote ambayo majibu 726 yanayathibitisha bila kukisia: ukweli uko mahali fulani kati ya 4.5 na 98.

Njia ya kufanya kazi hii vizuri si ngeni wala si ya gharama. Chukua orodha kamili kwa msajili, wa mchana na wa jioni, mwanafunzi mmoja mstari mmoja. Itenge kwa makundi hayo mawili. Kwenye jedwali la kompyuta ongeza safu yenye kanuni hii, uishushe hadi mstari wa mwisho:

```
=RAND()
```

Kabla ya kupanga, nakili safu hiyo na uibandike kama namba tupu, la sivyo namba zinabadilika kila unapogusa jedwali na hakuna atakayeweza kuhakiki uteuzi wako. Panga kila kundi kwa namba hizo kutoka ndogo kwenda kubwa, chukua 240 wa juu kwa mchana na 60 kwa jioni. Hao 300 ndio sampuli yako. Asiyepatikana usimbadilishe na aliye jirani au aliye tayari, maana hapo unarudisha kujitolea kwa mlango wa nyuma. Mpe kila mmoja kiungo chake kinachotumika mara moja, kisichosambazika. Kumbusha baada ya siku tatu, kumbusha tena, halafu piga simu.

Tuseme wamejibu 210, na 63 wamesema ndiyo, yaani asilimia 30. Majibu ni machache kuliko theluthi moja ya yale 726, na kuna atakayekucheka. Mwonyeshe hesabu ile ile ya walionyamaza. Wapo 90. Wakiwa wote hapana, jibu la wale 300 ni 21. Wakiwa wote ndiyo, ni 51. Bado ni pana, lakini lile dai la asilimia 74 halimo ndani yake. Ongeza na makosa ya kawaida ya bahati nasibu, pointi 6 hivi juu au chini kwa majibu 210, bado 74 haifikiki.

Upana ule nao unapunguzika. Usiwakimbize wote 90. Chagua 30 kati yao kwa bahati nasibu, na nguvu yote iliyobaki iweke kwao: simu, ujumbe, kuwafuata darasani. Ukiwapata 24, na 6 wakasema ndiyo, hiyo ni robo. Robo ya 90 ni 22.5, jumlisha na 63, gawanya kwa 300, unapata asilimia 28.5. Wale 6 waliokushinda kabisa wanasimama badala ya watu 18, asilimia 6 ya sampuli, na kwenye ripoti waandikwe hivyo, kwa idadi yao, karibu na jibu lenyewe.